Kikombe cha jiko la wali si kikombe cha kawaida: namna ya kukipima na kukigeuza kuwa mililita

Ukifungua boksi la jiko la umeme la kupikia wali, lile ambalo wengi tunaliita raiskuka, utakuta ndani yake kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari ubavuni. Hapa Moshi watu wengi wanakiweka kando siku hiyohiyo. Kinaonekana kama nyongeza tu ya dukani, na vikombe nyumbani vipo tele. Kinaishia kuwa cha kuchotea sukari au cha watoto kuchezea mchanga, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza: leo wali una kiini, kesho umekuwa bokoboko, na lawama zote linabebeshwa jiko.

Jiko halina kosa. Kikombe kile ndicho kipimo kilichotumika kuchora mistari ya maji ndani ya sufuria yake, nacho kinachukua mililita 180. Kikombe cha mapishi kinachouzwa kwenye seti za vipimo huwa cha mililita 250, cha Kimarekani huhesabiwa mililita 240, na kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kinaweza kufika 300 au hata kupita. Kwa hiyo namba 3 iliyochorwa ndani ya sufuria haina maana ya vikombe vitatu vya aina yoyote utakayookota kabatini. Maana yake ni mililita 540 za mchele mkavu, na maji ya kuutosha mchele huo.

Hizi 180 zimetoka wapi

Namba hii haikuchaguliwa na kiwanda cha majiko. Japani walikuwa na vipimo vyao vya nafaka kama sisi tulivyokuwa na kibaba na pishi. Kwetu vibaba vinne vilifanya pishi moja; kwao go kumi zilifanya sho moja. Mwaka 1891 sheria ya vipimo ya Japani iliifunga sho na mfumo wa mita, ikawa sawa na lita 1.8039. Igawanye kwa kumi upate go moja: mililita 180.39. Mchele, na pombe ya mchele pia, ulipimwa kwa kipimo hicho vizazi na vizazi.

Baadaye Japani ilihamia kwenye lita na kilo, na tangu mwaka 1959 vipimo vya zamani haviruhusiwi katika biashara. Lakini jiko la kwanza la umeme la wali linalojizima lenyewe, lililotolewa na Toshiba, liliingia sokoni Desemba 1955, wakati kila mpishi wa Kijapani bado alikuwa anahesabu mchele wake kwa go. Mistari ya sufuria ikafuata hesabu hiyo, na viwanda vya Korea na China vilivyokuja kutengeneza majiko ya namna hiyo vikaurithi utaratibu uleule. Cha kushangaza, hata Japani kwenyewe kikombe cha kupimia unga au maziwa ni cha mililita 200. Hiki cha 180 ni cha mchele peke yake.

Hapo unapata pia maelezo ya ile namba ya kwenye boksi. Jiko lililoandikwa lita 1.8 ni jiko la vikombe 10 vya mchele mkavu, yaani sho moja kamili. Sufuria yenyewe inabeba zaidi ya hapo, kwa sababu lazima maji yaingie na wali uwe na nafasi ya kuumuka. Lile dogo la lita 0.54 ni la vikombe vitatu. Ukitaka kuhakikisha kwamba jiko lako limeandikwa kwa utaratibu huu, angalia mstari wa juu kabisa ndani ya sufuria, uzidishe namba yake mara 180, kisha ulinganishe na maandishi ya kwenye boksi. Zikipishana sana, muuzaji au kiwanda kimetaja ujazo wa sufuria nzima na si wa mchele. Hapo namba ya boksi iache, fuata mistari.

Hatua ya kwanza: kisome kikombe chenyewe

Kisimamishe kwenye mwanga wa dirisha ukitazame ubavuni. Vingi vina alama za robo, nusu, robo tatu na moja, na upande wa pili kuna namba za mililita, ambazo zinaweza kuandikwa `ml` au `cc`. Ni kitu kilekile. Angalia namba ya juu kabisa iko wapi. Kwenye vikombe vingine 180 ni pale kikombe kinapojaa hadi ukingoni, na kwenye vingine kuna mstari chini kidogo ya ukingo, kwa hiyo ukijaza hadi juu unakuwa umezidisha.

Usishangae ukikuta 160. Majiko kadha wa kadha ya bei nafuu huja na kikombe cha mililita 160, na vya 150 pia vipo. Hivyo si vibovu. Vimetengenezwa viendane na sufuria iliyokuja navyo, na mistari ya sufuria hiyo imechorwa kwa kikombe hicho. Tatizo ni pale unapochukua kikombe cha jiko la dada yako ukakitumia kwenye jiko lako.

Hatua ya pili: kipime kwa maji

Hata kama namba ipo, kipime. Alama za plastiki zinabandikwa vibaya wakati mwingine, na vingi baada ya mwaka mmoja wa kuoshwa kwa steliwaya havina namba tena. Huhitaji kifaa chochote cha maabara. Nunua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa, kwa sababu kiwandani imeshajazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Weka kikombe mezani pasipo mteremko, sufuria safi pembeni ili maji yasipotee bure, kisha anza kujaza kikombe na kumimina, kujaza na kumimina, ukihesabu kwa sauti.

Jaza hadi kwenye alama ya moja na uinamishe kichwa mpaka jicho liwe usawa wa maji. Ukitazama kutoka juu utaona maji yamefika kabla hayajafika.

Kikombe cha mililita 180 kitaimaliza chupa hiyo kwa vikombe 8 na theluthi moja. Cha 160 kitatoa 9 na kubakiza kidogo kisichofika nusu. Cha 150 kitatoa 10 kamili, na cha mapishi cha 250 kitatoa 6 kamili. Kama hesabu yako haikuangukia kwenye mojawapo ya hizi, gawanya 1500 kwa idadi ya vikombe uliyopata, na jibu ndiyo mililita za kikombe chako. Napendelea chupa kubwa kuliko ya nusu lita kwa sababu moja: ukikosea tone hapa na tone pale, kosa linagawanyika kwenye vikombe vingi na jibu linabaki karibu na ukweli.

Mwenye mzani wa jikoni ana njia fupi zaidi. Weka kikombe kikavu kwenye mzani, urudishe sifuri, jaza maji hadi kwenye alama. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo mzani ukisoma 180 umemaliza kazi. Na asiye na mzani wala chupa apite duka la dawa akanunue bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake: mabomba tisa kamili ni 180.

Mchele wenyewe unaweza kukupa jibu la haraka, ingawa si la uhakika sana. Kikombe cha 180 kilichosawazishwa kinabeba karibu gramu 150 za mchele mkavu, kwa hiyo nusu kilo kutoka kwa Mangi inapaswa kutoa vikombe vitatu na theluthi, na kilo nzima vikombe sita na theluthi mbili. Ukipata vinne kasoro robo kwenye nusu kilo, huenda kikombe chako ni cha 160. Au mzani wa Mangi umekupa zaidi, jambo ambalo ni nadra. Kwa hiyo hukumu ya mwisho iwe ya maji.

Ukishajua, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba hiyo chini ya kikombe, upande wa nje. Pembeni hufutika, chini hudumu.

Hatua ya tatu: jaza mchele namna moja kila siku

Kipimo cha maji hakina ubishi, lakini mchele una tabia zake. Ukiuchota na kuuacha na nundu juu, kikombe cha 180 kinakuwa kimebeba zaidi ya 200. Ukigongagonga kikombe mezani punje zinajipanga na nafasi ya punje nyingine inapatikana. Mistari ya sufuria imechorwa kwa kikombe kilichochotwa bila kugongwa, kikasawazishwa juu. Chota, pitisha mgongo wa kisu au kidole ukingoni, kinachozidi kirudi kwenye ndoo. Kama alama ya moja kwenye kikombe chako iko chini ya ukingo, tikisa kidogo mchele ulale sawa, uishie kwenye alama hiyo.

Hatua ya nne: fahamu mstari wa sufuria unahesabu nini

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mstari wa 3 si kipimo cha maji peke yake. Ni mahali ambapo uso wa maji unapaswa kufika baada ya vikombe vitatu vya mchele ulioshwa kuwa tayari umelala ndani. Mchele na maji vinahesabiwa pamoja. Ndiyo maana hata matone yaliyobaki kwenye mchele baada ya kuuosha hayaharibu chochote ukifuata mstari, lakini yanaongeza maji ukipima maji kwa kikombe pembeni.

Na ndiyo maana pia kosa la kikombe linaadhibu mara mbili. Ukiweka mchele mwingi kuliko ule uliokusudiwa, mchele huo unachukua nafasi ya maji chini ya mstari. Mchele umezidi, na maji yamepungua papo hapo.

Jirani yangu mmoja alinunua jiko la lita 1.8, kikombe kikapotea wiki hiyohiyo. Akawa anapima kwa kikombe cha bati cha chai. Alikuja jioni moja amekasirika.

"Dada, jiko lenyewe bovu. Linajizima wali ukiwa bado mbichi."

"Umeweka vikombe vingapi?"

"Vitatu. Na maji nimefikisha pale kwenye tatu, kama ulivyoniambia."

"Hivyo vitatu umepimia nini?"

Akaenda kukileta kile cha bati. Tulikijaza maji tukayapima: mililita 300. Vitatu vyake vilikuwa 900, na 900 ukigawanya kwa 180 unapata 5. Alikuwa amepika vikombe vitano vya jiko kwa maji ya mstari wa tatu.

Hesabu yake ilikwenda hivi. Mstari wa 3 kwenye sufuria ile ulikuwa unafika kwenye ujazo wa karibu lita moja. Mchele wa mililita 900, ukitoa hewa iliyo kati ya punje, peke yake unachukua zaidi kidogo ya nusu lita. Kwa hiyo maji yaliyoingia yalikuwa chini ya nusu lita, wakati mchele ule ulihitaji lita moja na zaidi kidogo. Alikuwa ameupa chini ya nusu ya maji yake. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo: kabla ya kuwasha, maji yalikuwa yamefunika mchele kwa unene wa sarafu mbili tatu, na mikunjo ya mchele ilikuwa inaonekana juu. Vikombe vikiwa sahihi, maji hukaa juu ya mchele kwa kina kinachoonekana wazi.

Na jiko lilijizima mapema kwa sababu lilifanya kazi yake. Chini ya sufuria kuna kihisi cha joto. Maji yakiwepo, joto la chini ya sufuria haliwezi kupanda sana juu ya kiwango cha kuchemka. Yakishakauka au kunyweka yote linapanda ghafla, na swichi inaruka. Jiko halijui kama wali umeiva. Linajua tu kwamba maji yamekwisha. Jirani aliupa mchele maji nusu, yakaisha nusu ya njia, chini pakaanza ukoko na katikati punje zikabaki na kiini.

Wali wa namna hiyo hautupwi. Chemsha maji pembeni, nyunyizia kikombe kimoja cha 180 kwanza, geuza taratibu kwa mwiko bapa ukitokea pembeni ili usivunje punje, funika. Swichi inaweza kukataa kukaa chini kwa sababu kihisi bado kina moto. Subiri dakika chache ipoe kisha bonyeza tena. Ikijizima onja, uongeze tena kama kiini bado kipo. Wali wa jirani ulihitaji vikombe zaidi ya vitatu kwa awamu, na ingawa haukuchambuka vizuri, ulilika.

Hatua ya tano: kugeuza

Kanuni ni moja. Zidisha idadi ya vikombe kwa mililita za kikombe husika, kisha gawanya kwa 180.

Jirani sasa anajua kwamba kila kikombe chake cha bati ni sawa na kimoja na theluthi mbili vya jiko. Akipima vitatu, maji yanafika mstari wa 5. Akipima kimoja na nusu, hiyo ni 450, yaani vikombe viwili na nusu, na maji yanakaa katikati ya 2 na 3. Hahitaji kununua kikombe kipya kabisa.

Kwa maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa kwa kikombe cha 250, kuna njia ya kukumbuka bila kalamu: vitano vya mapishi ni sawa na saba vya jiko, kwa tofauti ya vijiko viwili tu vya chai. Kwa maelekezo ya Kimarekani ya 240 ni rahisi zaidi, vitatu ni sawa na vinne kamili.

Tuchukue pilau iliyoandikwa vikombe 4 vya mchele na 6 vya maji, kwa kikombe cha 250. Mchele ni mililita 1000, ambayo ni vikombe vitano na nusu vya jiko. Maji ni 1500, vikombe vinane na theluthi moja. Kama ungepima vyote viwili kwa kikombe cha jiko bila kugeuza, yaani 4 na 6, wali ungeiva vilevile, kwa sababu uwiano wa mchele na maji haubadiliki. Ungepata tu pilau pungufu, mililita 720 za mchele badala ya 1000. Lakini chumvi, nyama na binzari nyembamba ulivyopima kwa kijiko vingekuwa bado vya mchele wa 1000, na ungeikuta chumvi kwenye tonge la kwanza.

Kinachoharibu kabisa ni kuchanganya: mchele kwa kikombe cha jiko, maji kwa kikombe cha mapishi. Mchele 720, maji 1500. Hapo maji ni zaidi ya mara mbili ya mchele, povu litafurika kupitia tundu la mfuniko, na utakachopakua ni bokoboko. Ukiona jiko linatema maji ya wanga mezani, kabla ya kulaumu mfuniko, uliza mchele na maji vilipimwa kwa kikombe kimoja au viwili.

Keki ndiyo inayoumia zaidi na kikombe hiki, maana mayai hayapunguki pamoja na unga. Unga wa vikombe viwili vya mapishi ni mililita 500. Kwa kikombe cha jiko ni 360, na mayai yamebaki matatu yaleyale. Kwa keki geuza kila kitu, au tumia kikombe cha 250 moja kwa moja.

Wali wa nazi: kopo la tui la mililita 400 ni vikombe viwili na kidogo sana vya jiko. Huna haja ya hesabu ndefu. Mimina tui juu ya mchele ulioshwa, kisha ongeza maji hadi kwenye mstari wako. Kama unakuna nazi, tui jepesi litangulie na zito lije mwishoni jiko likishajizima, kwa sababu mafuta ya tui zito hushika chini na kuungua.

Na ukipimiwa mchele kwa sado sokoni Mbuyuni, ndoo ile ya lita 4 ikisawazishwa juu ni vikombe 22 na kidogo vya jiko. Muuzaji mkarimu akiweka nundu ni zaidi ya hapo.

Hatua ya sita: ongeza kidogo kwa ajili ya mlima

Mililita zikishakaa sawa, linabaki jambo moja ambalo kikombe hakiwezi kulitatua. Mistari ya sufuria ilichorwa kwa maji yanayochemka kwenye digrii 100, kama ilivyo pwani. Moshi mjini tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita 800 na zaidi, na maji yetu yanachemka kwenye digrii 97 hivi. Arusha mjini wako karibu mita 1,400, na kwao ni kama digrii 95. Mchele unaivia kwenye joto pungufu, kwa hiyo unachukua muda mrefu zaidi, na maji mengi zaidi yanapotea kama mvuke kabla haujaiva.

Mimi kwa vikombe vinne naongeza robo kikombe cha jiko juu ya mstari, yaani mililita 45. Mdogo wangu anayeishi Arusha, upande wa Sakina, anaongeza nusu kikombe, mililita 90, na wali wake unachambuka. Njia nyingine ni kuloweka mchele nusu saa ndani ya sufuria hiyohiyo, maji yakiwa yameshafika kwenye mstari, kisha ndipo uwashe. Usiloweke kwenye bakuli jingine kisha uuchuje na kufuata mstari. Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji na kuvimba, kwa hiyo mstari hautakuwa unasoma kitu kilekile.

Aina ya mchele nayo ina neno lake. Mistari ilikusudiwa kwanza mchele wa Kijapani, punje fupi zinazoshikana. Mchele wa Magugu au wa Mbeya ulio mkavu unapenda maji zaidi kidogo. Mchele mpya uliotoka shambani msimu huu, kama ule unaoletwa kutoka Mabogini na Chekereni, bado una unyevu wake, na ukiuongezea maji unashikana. Kwa huo anza na mstari wenyewe bila nyongeza, hata ukiwa Arusha, kisha ubadilishe robo kikombe kwa robo kikombe kwenye mapishi yanayofuata. Usibadilishe mchele na maji kwa siku moja, hutajua kipi kimefanya nini.

Kikombe kikipotea

Usitafute kinachofanana nacho kwa macho. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye ubavu ulionyooka, liwe pana kiasi cha mkono kuingia. Liweke mezani, mimina ndani yake mabomba tisa ya sindano ya mililita 20, au gramu 180 za maji kama mzani upo. Subiri maji yatulie, shusha jicho usawa wake, chora mstari kwa wino usiofutika. Ongeza tena kiasi kilekile uchore mstari wa pili, maana nyumba nyingi hupika kuanzia vikombe viwili, kikombe kimoja kikitoa wali wa karibu gramu 330 tu. Limwage, likaushe vizuri, kwa sababu mchele unanata kwenye unyevu na hautalala sawa kwenye mstari.

Kama jiko lako lilikuwa la kikombe cha 160 na hukumbuki, ipo namna ya kugundua. Pika vikombe viwili vya 180 kwa maji ya mstari wa 2. Wali ukitoka mkavu kuliko kawaida, kesho pima 160 kwa kila kikombe na urudie mstari uleule, kwa mchele uleule. Ukirudi kuwa kama zamani, futa alama za jana, chora kopo upya kwa mililita 160, na ulihifadhi ndani ya ndoo ya mchele.